Tangazo la sekunde 30: uanze na swali, na tukio au na maongezi? Skripti tatu za duka moja la gesi

Mtu akikupa kazi ya tangazo la sekunde 30 huwa anakuja na orodha. Tuchukue mwenye duka la gesi pale Mbagala Rangi Tatu, anataka useme ana mitungi ya kilo 6 na kilo 15, anapeleka mpaka nyumbani, anafungua asubuhi na mapema mpaka usiku, ana majiko pia, mipira pia, regyuleta pia, bei poa, yuko ng'ambo ya stendi, na namba ya simu itajwe mara mbili. Yote kwenye nusu dakika. Ukimsikiliza ukaviweka vyote utapata tangazo ambalo msomaji anakimbia kama anafukuzwa na aliyesikia hakumbuki hata kimoja.

Sasa humu nitaweka skripti tatu za duka hilo hilo, wazo hilo hilo, muda ule ule, zinatofautiana jinsi zinavyoanza na jinsi zinavyofunga, ili ukae uzilinganishe uchague inayofaa mahali unapopeleka tangazo lako. Duka ni la kutunga ila kazi ndo hivi hivi inavyoendaga.

Kwanza hesabu, maana bila hii mengine yote ni stori. Kiswahili maneno yake ni marefu, "tukikuletea" ni neno moja lakini lina silabi sita, kwahiyo ukichukua zile kanuni za Kiingereza za maneno 75 kwa sekunde 30 utaumia. Mtu akisoma kwa utulivu anatoa kama silabi tano kwa sekunde hivi. Toa pumzi, toa kimya kidogo mwishoni, unabaki na maneno kama 45 mpaka 50, ukibana sana 60 na hapo tayari msomaji anaanza kumeza irabu. Zote tatu hapa chini ziko kwenye 42 mpaka 46. Na ile namba ya simu, tarakimu kumi, isome kwa sauti uone: sifuri, saba, tano... inakula kama sekunde tano. Mara mbili ni kumi. Theluthi nzima ya tangazo imeenda kwenye namba ambayo mtu yuko kwenye daladala hana hata pa kuiandika. Kwahiyo kwenye zote tatu namba haisemwi. Kwenye video inakaa kwenye skrini, kwenye redio tunataja mahali.

Wazo moja tunalipataje kwenye ile orodha? Mi huwa naangalia kila kitu alichosema namuuliza, jirani yako naye anauza gesi, je naye anaweza kusema hivi? Kilo 6 anaweza. Kupeleka nyumbani anaweza. Bei poa kila mtu anasema. Ila huyu bwana katikati ya maongezi akadondosha kitu bila hata kukitilia maanani, kwamba vijana wake wakipeleka mtungi hawaondoki mpaka wapake povu la sabuni kwenye maungio waone kama gesi inavuja. Hapo hapo. Hilo ndo tangazo, mengine ni mapambo. Watu wengi wanafungiwa mtungi, kijana anapokea hela anawasha pikipiki kaondoka, na wengine ndo wale wanapima kwa kuwasha kiberiti karibu na valvu, kitu cha hatari kabisa. Povu la sabuni linafanya kazi kwa sababu rahisi tu: gesi ikitoka hata kidogo inasukuma povu, unaona kipovu kinavimba palepale penye tundu. Unaona kwa macho. Na kitu cha kuonekana ni dhahabu kwa mwandishi wa skripti.

Haya tuanze.

Skripti ya kwanza, inaanza na swali

"Mara ya mwisho umebadilisha mtungi wa gesi, nani alikagua kama inavuja? (pumziko) Sisi tukikuletea mtungi hatuondoki hapo hapo. Tunafunga regyuleta, tunapaka povu la sabuni kwenye maungio, tunaangalia. Povu likivimba, tunafunga upya mbele yako. Likitulia, unawasha mwenyewe. Gesi Rangi Tatu, ng'ambo ya stendi. Hatuondoki mpaka povu litulie."

Uzuri wa hii ni kwamba inahitaji mtu mmoja, maiki moja, umemaliza. Rahisi kurekodi, hata kwa simu chini ya shuka (studio ya masikini, usicheke, inakata mwangwi vizuri tu).

Lakini swali ni ndoano yenye ubishi. Kuna maswali ya aina mbili, kuna yale ya "Je, unatumia gesi?" ambayo msikilizaji anajibu ndiyo au hapana na mlango umefungwa, akijibu hapana ndo kwaheri, akijibu ndiyo anakusubiri umwambie alichokwishajua. Na kuna swali ambalo jibu lake linamchoma kidogo. "Nani alikagua?" jibu la wengi ni hakuna. Anayejibu hakuna anabaki na kitu kichwani mpaka asikie mwisho. Kwahiyo ukichagua njia hii jipime hivi, jibu swali lako mwenyewe kwa sauti, kama jibu ni "ndiyo" au "hapana" lifute. Kama jibu linakufanya ugeuke kuangalia jikoni, liache.

Shida nyingine ni kwamba redioni kila tangazo la tatu linaanza na "Je", sikio limezoea, likisikia Je linajua hii ni biashara linajizima. Ndo maana hapo juu hamna Je. Swali limeanza na "mara ya mwisho" ambayo inasikika kama mtu anaanza kukupigia stori.

Skripti ya pili, inaanza na tukio lenyewe

Hii ni ya video. Picha ya kwanza kabisa ni karibu mno, shingo ya mtungi, povu, na kipovu kimoja kinakua taratibu. Hakuna nembo, hakuna muziki wa kuingilia, hakuna "habari zenu ndugu watazamaji". Sauti:

"Ona kipovu hiki kinavyovimba. (pumziko) Hiyo ni gesi inavuja. Mtungi umefungwa sasa hivi, na kwa macho usingeona kitu. Ndiyo maana tukikuletea gesi, tunakuja na sabuni. Tunapaka maungio yote, tunasubiri. Kikivimba tunafunga upya, tunapaka tena. Tupo Rangi Tatu, ng'ambo ya stendi. (pumziko) Povu likitulia, pika."

Tofauti na ya kwanza ni kwamba hapa humuulizi mtu chochote, unamuonyesha. Mtu anayeskroli ana kidole tayari juu ya kioo, unazo sekunde mbili tatu hivi za kumfanya asite, na kipovu kinachokua kina kitu kimoja ambacho swali halina: mtu anataka kuona kitapasuka au la. Anabaki bila hata kujua anabaki kwanini. Halafu ukimwambia hiyo ni gesi, ndo anashtuka. Mpangilio huo ni muhimu, picha kwanza maelezo baadaye. Ukiugeuza ukasema "gesi inaweza kuvuja bila wewe kujua" ndo uonyeshe kipovu, mshtuko umeshaumwaga chini kabla ya kufika.

Na hii inaishi hata sauti ikiwa imezimwa. Stetasi za WhatsApp watu wanaangalia kazini, kwenye foleni, simu imenyamazishwa. Maandishi matatu tu kwenye skrini yanatosha: "Hii ni gesi inavuja" sekunde ya tatu, "Tunapima kabla ya kuondoka" katikati, mahali na namba ya simu mwishoni. Usiandike kila neno linalosemwa maana atasoma au ataangalia povu, vyote viwili kwa pamoja hawezi.

Tahadhari moja kubwa sana hapa na siitaji kwa kupamba. Usivujishe gesi ya kweli ili upate picha. Kuna watu kwa ajili ya kontenti watalegeza regyuleta wakawasha na taa za kurekodia pembeni, huo ni wendawazimu. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, inatuama chini sakafuni inasubiri cheche. Chukua mpira ambao hauna mtungi, utoboe tundu dogo, chomeka pampu ya baiskeli upande mmoja, ziba upande mwingine, paka povu, sukuma hewa taratibu. Kipovu kinatoka kizuri kuliko hata cha gesi, na unaweza kurudia mpaka mwanga ukae sawa. Ila kipovu hapo kitakuwa kwenye mpira sio kwenye shingo ya mtungi, kwahiyo piga karibu sana, na andika kwa maandishi madogo kwamba ni maonyesho. Haipunguzi kitu.

Udhaifu wa hii? Redioni imekufa. "Ona kipovu hiki" redioni ni nini sasa. Ukijaribu kuiokoa kwa mlio wa povu, povu halina mlio wa maana, mtu atadhani mnakaanga mandazi.

Skripti ya tatu, maongezi

Kijana: Tayari mama, nimeshafunga.
Mama: Asante mwanangu, ngoja nibandike maharage.
Kijana: Usiwashe kwanza! Naomba sabuni.
Mama: Sabuni? Unataka kuoga?
Kijana: Hapana mama, ya kupima gesi. Napaka povu hapa kwenye maungio, likivimba ujue inavuja.
Msomaji: Gesi ya kuletewa nyumbani, Rangi Tatu, ng'ambo ya stendi. Hatuondoki kabla ya kupima.
Mama: Mbona halivimbi?
Kijana: Basi bandika maharage.

Hii mi ndo kipenzi changu kwa redio, sifichi. Ndoano yake haiko kwenye mstari wa kwanza, iko kwenye "usiwashe kwanza", kama sekunde ya tano hivi. Kwa video ni kuchelewa, kwa redio inavumilika kwa sababu mtu haskroli redio, anapika, anaendesha, anafua, anachohitaji ni sauti isiyosikika kama tangazo ili masikio yasijifunge. Watu wawili wanaongea jikoni, unasikiliza tu kwa umbea.

Kuna kitu kidogo kwenye maongezi kinawasumbua wengi, salamu. Kijana anaingia kwa mama mtu mzima bila shikamoo? Msikilizaji wa Dar atakwambia huyu kijana hana adabu na tangazo lako limeharibika hapo hapo. Lakini ukiweka shikamoo, marahaba, karibu, habari za hapa, sekunde nne zimeenda na hujasema kitu. Dawa yake ni kuingia katikati ya tukio. "Tayari mama, nimeshafunga" inamaanisha alishafika muda, alishasalimia, sisi ndo tumechelewa kuingia. Na lile "mama" na "mwanangu" vinabeba heshima yote iliyobaki.

Cha pili angalia msomaji ameingia wapi. Kawaida msomaji anawekwa mwisho, watu wakimaliza kuongea linakuja lisauti zito "Kwa mahitaji yako ya gesi..." na kila kitu kizuri kilichojengwa kinabomoka. Hapa amewekwa kwenye ule muda ambao kijana na mama wanasubiri povu. Kile kimya tungekuwa nacho hata hivyo, povu linahitaji sekunde kadhaa, kwahiyo biashara inasemwa pale stori inaposubiri, halafu stori inarudi na inafunga yenyewe. Mtu anavumilia sekunde sita za msomaji kwa sababu anasubiri jibu, linavuja au halivuji?

Ubaya wake ni gharama na waigizaji. Unahitaji watu wawili wanaojua kuongea kama watu, na msomaji juu. Mama akisoma badala ya kuongea, ile "unataka kuoga?" inakuwa aibu tupu. Njia ya kujua ni kuwarekodi wakisema mara moja kwa karatasi, mara moja bila karatasi kwa maneno yao wenyewe, sikiliza zote mbili. Mara nyingi ya pili ina maneno mawili matatu bora kuliko uliyoandika, chukua hayo. Cheki saa tu maana wakiachiwa wanaenda sekunde 45.

Sasa mstari wa mwisho

Linganisha kwanza hizi mbili ambazo utaletewa na mteja na utabishana naye: "Usalama wako ni kipaumbele chetu" na "Kwa maelezo zaidi wasiliana nasi." Ya kwanza ipeleke kwenye basi la mkoani, benki, hospitali, kampuni ya ulinzi, inakaa kote. Mstari unaokaa kote haukai popote kichwani. Ya pili sio mstari wa mwisho kabisa, ni mlango wa kutokea.

Zile tatu zetu zinafunga tofauti. "Hatuondoki mpaka povu litulie" ni ahadi, inarudia wazo bila kuongeza kitu kipya, na hiyo ni kanuni ambayo siivunji: kwenye sekunde tano za mwisho usilete habari mpya. Hakuna ofa, hakuna "pia tunauza majiko". Ukileta kitu kipya msikilizaji anaanza kufikiria upya wakati wewe unaondoka. Ila kwa ngoma yake, mstari huu ni mrefu kidogo na unaisha kilegevu, "litulie" inateremka taratibu.

"Povu likitulia, pika" ni bora kwa sauti. Kiswahili tunakazia silabi ya pili kutoka mwisho, kwahiyo neno la silabi mbili likikaa mwisho peke yake baada ya koma linagonga, PI-ka, kwisha. Jaribu kugeuza, "unaweza kupika povu likishatulia". Maana ile ile, hakuna kitu. Neno unalotaka libaki liweke mwisho, liwe fupi, na baada yake nyamaza sekunde moja nzima. Hiyo sekunde ilipiwe kama maneno, usiruhusu mtu wa studio aijaze na mlio.

"Basi bandika maharage" inafanya kazi kwa njia nyingine. Haina neno gesi, haina neno usalama, lakini maharage yalitajwa mwanzoni na tukayaacha, yanaporudi msikilizaji anaunganisha mwenyewe kwamba imepimwa, iko sawa, maisha yaendelee. Hii haiwezi kusimama peke yake kwenye bango, mtu ambaye hakusikia mwanzo hataelewa. "Povu likitulia, pika" inaweza kuchorwa hata nyuma ya pikipiki ya kupelekea mitungi. Kwahiyo kama mteja anataka mstari atakaoutumia sehemu nyingi mpe wa pili, kama anataka tangazo ambalo watoto watalirudia mtaani mpe wa tatu.

Kwahiyo uchague ipi

Kama ni redio na una hela ya watu watatu studio, maongezi, bila kufikiria mara mbili. Kama ni redio na bajeti ni ya mtu mmoja, skripti ya swali, lakini mstari wa mwisho uazime wa pili, "povu likitulia, pika", unakaa vizuri tu palepale. Kama ni video ya simu, tukio, na usipoteze hata sekunde kwa nembo mwanzoni. Mteja ataomba nembo mwanzoni. Mwambie itakaa sekunde tatu za mwisho na iko peke yake, atafurahi.

Kabla hujapeleka, mchezeshee mtu ambaye hajui kitu, mara moja tu, halafu usimuulize kama imempendeza, maana atakwambia nzuri kwa heshima. Muulize hawa watu wanafanya nini ambacho wengine hawafanyi. Akisema "wanauza gesi" wazo halijafika, kuna kitu kinaliziba katikati, mara nyingi ni sentensi uliyoipenda mno. Akisema "wanapima na sabuni" umemaliza. Akikwambia "ni wale wa maharage" lakini hajui wanapima, hapo utani umemeza wazo, rudi uongeze uzito kwenye ule mstari wa kijana anapoeleza povu, au mwambie asiuseme haraka.

Na kabla ya yote hayo, nenda na kijana mmoja wa pikipiki umuone akipeleka mtungi kweli. Kama hapaki povu, hakuna skripti hapo. Ukisema "hatuondoki kabla ya kupima" na mteja wa kesho akafungiwa bila kupimiwa, tangazo lako ndo litakuwa ushahidi dhidi ya duka. Pia usivuke ahadi yenyewe, tumesema tunapima tunapofunga, hatujasema haitavuja milele, mpira unazeeka na regyuleta inachakaa.

Jambo la mwisho la kibiashara, uliza mapema kama redio watataka na toleo la sekunde 15, maana mara nyingi linakuja baadaye wakati waigizaji wameshaondoka. Skripti ya tukio inakatika kirahisi, kipovu, "hiyo ni gesi inavuja", "tukikuletea tunapima", mahali, pika. Ya swali inakatika pia ukiondoa hatua za kufunga. Ya maongezi haikatiki, ukitoa maharage ya mwanzo na ya mwisho yanakosa maana, ukitoa sabuni hakuna tangazo. Kwahiyo siku ya kurekodi maongezi, wakati yule kijana bado yuko mbele ya maiki, mrekodi peke yake akisema "Usiwashe kwanza, nipake povu. Likitulia, pika," na msomaji ataje mahali katikati. Dakika mbili za ziada tu studio, na hilo ndo toleo lako fupi.